Umri wa Paka Mwenye Majina Mawili

Kata nzima ya Nangwa ilimwita Dokta Perpetua, ingawa yeye mwenyewe hakuacha kuwasahihisha. "Mimi ni afisa mifugo," alikuwa akisema, "dokta yuko wilayani." Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaitikia, kisha wakamwambia, "Sawa, Dokta." Mwisho alichoka, akaliacha jina limkae kama koti la kuazima ambalo mwenyewe halitaki tena.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti ya chini. Alizaliwa Maretadu, upande wa Mbulu, nyumba iliyozungukwa na mahindi na maharage, na katika watoto wote wa Mzee Bura yeye ndiye aliyependa zizi kuliko jiko. Baba yake alimfundisha kusoma kinywa cha ng'ombe kabla mwalimu hajamfundisha kusoma kitabu. Alimshika ndama pua, akamfunua mdomo wa chini, akamwonyesha binti yake meno ya maziwa, kisha akampeleka kwa ng'ombe mwingine, amwonyeshe jozi ya kwanza ya meno makubwa. "Huyu ana miaka miwili imepita," alisema. "Yule ana jozi mbili. Mnadani mtu atakudanganya juu ya kila kitu, lakini mdomo wa ng'ombe haudanganyi." Perpetua akaenda chuo cha mifugo, akakuta wakufunzi wanasema yaleyale kwa maneno marefu zaidi, akafurahi sana, kana kwamba amekutana na baba yake ugenini.

Paka lakini hakuwahi kumfikiria. Kwao paka alikuwa kiumbe wa ghalani. Alikuja mwenyewe, aliondoka mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza umri. Ni kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa ndizo zilizomkutanisha nao. Watu waliwaleta ndani ya viroba, ndani ya vikapu vilivyofungwa kwa kanga, ndani ya maboksi ya biskuti yaliyotobolewa matundu, na kila mmoja alikuja na swali. Huyu ameshafika umri wa kuchanjwa? Huyu bado anakua? Perpetua akaanza kuwafunua midomo. Alipokwama alimpigia Michael, waliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafanya kazi mjini Arusha kwenye zahanati ya wanyama wa nyumbani. Michael alimwelekeza kwa uvumilivu, na mara nyingine alimtumia picha. Miaka ikapita hivyo, na taratibu akajikuta anawapenda viumbe hawa ambao hata wakishikwa na watu wawili bado wanaonekana kama ndio waliotoa ruhusa.

Ndiyo maana ugomvi wa Rogathe na Bibi Marieta ulipofika pabaya, wote wawili walimtaja yeye.

Rogathe alikuwa mke wa Joakimu, mwenye mashine ya kusaga iliyo karibu na barabara ya kwenda Katesh. Mwanamke mnene, mcheshi, kiongozi wa nyimbo kwenye jumuiya yao ya kanisa, asiyeweza kuona mtu ana njaa akakaa kimya. Bibi Marieta alikuwa jirani yake wa upande wa pili wa ua. Hakuwa mwenyeji. Alikuwa na nyumba yake Katesh, chini ya mlima, mpaka asubuhi ile ya Desemba mlima Hanang ulipoteremsha tope na mawe juu ya watu. Yeye usiku huo alilala kwa dada yake, kwenye mwinuko, ndiyo pona yake. Aliporudi hakukuta nyumba wala uchochoro. Mtoto wa dada yake, Patriki, akamchukua akaja naye Nangwa.

Na aliyekuwa wa kwanza kuvuka ua na blanketi na chungu cha uji alikuwa Rogathe. Siku zile bibi hakuwa anasema. Rogathe alikaa naye tu, anachambua maharage, anaongea mambo ya mashine na ya kwaya, bila kudai jibu. Ilipofika Pasaka bibi akaanza kucheka. Wakawa kama mama na mwana. Asiyewajua angedhani Rogathe ametoka tumboni mwake.

Kisha akaja huyu paka.

Alikuwa paka wa kijivu mwenye mistari, miguu ya mbele myeupe, kama nusu ya paka wote wa Hanang. Rogathe alimwita Kijivu. Siku moja ya kiangazi bibi, aliyezoea kutembelewa tu, alikwenda kwa Rogathe kuomba chumvi, akamkuta paka huyo amelala juu ya gunia la pumba penye jua. Akasimama. Chumvi ikasahaulika. Akasema kwa sauti ndogo, "Askari."

Askari alikuwa paka wake wa Katesh. Alimlindia mahindi ghalani, ndiyo sababu ya jina. Alikuwa amemwendea mwenyewe, akiwa tayari paka mkubwa, mwaka ule mjukuu wake alipopata Komunyo ya kwanza, na mjukuu huyo sasa ni kijana anayeendesha lori. Hakuna aliyejua alizaliwa wapi wala lini. Baada ya tope bibi alimtafuta kwa macho tu, maana pa kumtafutia hapakuwepo.

"Bibi, huyu si Askari," Rogathe alimwambia kwa upole. "Huyu nililetewa na mdogo wangu baada ya yale mafuriko, akiwa mdogo kama kiganja. Nimemlea mwenyewe kwa mkono wangu."

"Mimi namjua paka wangu."

"Na mimi namjua wangu, bibi."

Wangeishia hapo yasingekuwa makubwa. Lakini bibi alianza kuja kila siku kumtazama yule paka. Akija na kipande cha samaki, paka anamfuata mpaka kwenye ua. Rogathe akaona ananyang'anywa paka wake. Siku moja alimkuta Kijivu amelala mapajani mwa bibi upande wa pili, akamchukua bila kusalimia. Jumapili iliyofuata hawakukaa benchi moja kanisani. Jumuiya ilipokutana kwa bibi, Rogathe alituma udhuru wa kuumwa kichwa. Bibi na mtu aliyemletea uji wakati hana neno mdomoni, sasa walipishana njiani kama wasiojuana.

Ni Patriki aliyepata wazo. Alikuja ofisini kwa Perpetua, akavua kofia.

"Dokta, wewe unajua umri wa ng'ombe. Wa paka je?"

"Kwa kukadiria. Kwa nini?"

Akamweleza yote. "Rogathe anasema paka wake hajamaliza hata mwaka mmoja. Wa mama yangu mdogo angekuwa na miaka kumi, au zaidi. Hawa hawawezi kufanana mdomoni, au wanaweza?"

Perpetua alifikiri kidogo. "Mwaka mmoja na miaka kumi, hapana, haifanani. Lakini sikiliza, Patriki. Nikimwona ni kijana, basi si Askari, habari imeisha. Nikimwona ni mzee, hiyo inaonyesha tu kwamba si yule mtoto aliyelelewa na Rogathe. Meno hayasemi huyu ni wa nani. Wamekubali hilo?"

"Wamekubali wewe umwangalie. Mengine hawajafikiria."

"Basi wafikirie kabla sijafika," Perpetua akasema.

Alifika Jumamosi asubuhi kwa pikipiki. Wote walikuwa uani kwa Joakimu: Rogathe amekunja mikono, Bibi Marieta kwenye kigoda amejifunga shuka lake la mistari, Patriki amesimama katikati yao. Joakimu mwenyewe alikuwa mlangoni mwa mashine, mweupe wa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, na ingawa hapakuwa na mteja alionekana ana shughuli nyingi sana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Mama yako Maretadu hajambo?"

Salamu zilikwenda mpaka kwa ng'ombe na mahindi, kama inavyotakiwa. Ndipo Perpetua akaomba aonyeshwe paka.

Hakumshika. Alimtazama kwanza, na hilo liliwashangaza, maana walidhani atamrukia mdomo. Kijivu alikuwa chini ya benchi. Rogathe akamwita, naye akatoka taratibu, akajinyoosha, akatembea kuelekea kwenye gunia lake la pumba. Gunia halikuwa refu. Paka wa mwaka mmoja angelipanda bila kulitazama. Huyu alisimama, akalipima kwa macho, akazunguka mpaka penye kigoda, akapanda kigoda, akatua kidogo, kisha ndipo akapanda gunia.

"Siku zote hupita hapo kwenye kigoda?" Perpetua aliuliza.

"Siku zote," Rogathe akasema. "Mvivu huyo. Nimemlisha vizuri mno."

"Panya anakamata?"

"Panya?" Rogathe alicheka bila kutaka. "Panya wa hapa mashineni wanamwamkia. Anawaangalia tu."

Perpetua akatoa uzi mfukoni, akauburuza mbele ya pua ya paka. Kijivu aliufuata kwa kichwa mara mbili, akafumba macho. "Alipokuwa mdogo alicheza?"

"Hee! Alikuwa anapanda pazia. Lakini paka akikua si anatulia?"

"Anatulia," Perpetua alisema, "lakini wa umri huo bado ana utoto mwingi. Tuendelee. Hii peke yake haitoshi. Hata kijana akiugua hukaa kama mzee."

Akavaa glavu, akaomba taulo, akamviringisha paka mpaka kikabaki kichwa, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Rogathe alimshikilia juu ya meza. Perpetua akaweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa, kidole gumba upande huu wa taya na vidole vingine upande ule, akainua pua kidogo kuelekea juu, na kwa ncha ya kidole cha mkono wa kulia akasukuma taya ya chini. Kinywa kikafunguka. Harufu ilimfikia hata Patriki.

"Njooni muone wenyewe," Perpetua alisema. "Sitaki mtu aseme nimempendelea mwingine."

Bibi akainuka. Akasogea upande wa pili wa meza, akawa uso kwa uso na Rogathe, paka katikati.

"Ng'ombe unamhesabu," Perpetua akaeleza. "Anabadilisha meno jozi kwa jozi kwa miaka, kwa hiyo unahesabu tu. Paka hana mpango huo. Akifika miezi sita au saba ameshamaliza, meno yote ya ukubwani yamekaa. Baada ya hapo hakuna cha kuhesabu, unasoma namna yalivyochakaa. Wa mwaka mmoja meno yake ni meupe kama mchele, yana ncha. Miaka miwili, mitatu, ya nyuma yanaanza umanjano. Baadaye yanashika ugaga, ule uchafu mgumu. Sasa tazameni hapa mbele. Paka ana meno madogo sita juu na sita chini. Huyu chini yamebaki matatu, na hayo matatu yamesagika mpaka yako bapa."

Walitazama. Akasogeza mdomo pembeni kwa kidole. Chonge moja ilikuwa imevunjika zamani, maana hata pale palipovunjika palishalainika. Nyingine ilikuwa ya rangi ya chai, butu. Meno ya nyuma yalivaa ganda gumu la kahawia, fizi zimerudi nyuma, nyekundu.

Rogathe aliinama akayatazama tena. Kisha akasema haraka, "Lakini si umesema akiumwa? Labda ni ugonjwa wa fizi. Mtoto wa jirani yetu Letisia ana miaka saba na meno yote yameoza."

Perpetua alimtazama kwa heshima. Swali lilikuwa zuri, na Michael aliwahi kumwonya kwa hilohilo. "Ni kweli. Wako paka vijana wenye ugonjwa wa fizi, ukitazama ugaga peke yake utamwongezea miaka. Ugaga unadanganya. Kusagika hakudanganyi sana, lakini nako kunategemea alichokuwa anatafuna. Ndiyo maana hatuishii mdomoni. Tuingie ndani ya nyumba, kuna giza kidogo."

Wakaingia. Perpetua akawasha tochi ya simu, akaishika kwa mbali na kwa pembeni ili asimwumize paka, akainama mpaka pua yake ikakaribia masharubu.

Macho ya paka huyu yalikuwa ya njano iliyoingiwa na kijani. Kwa paka kijana, Perpetua alijua, ule mviringo wa rangi huwa laini na umejaa, na ukingo wake unaozunguka mboni hukatika safi kama umekatwa kwa wembe. Ukiangaza mwanga, mboni hufunga mara moja, ikawa kama mstari. Huyu ukingo wake ulikuwa umeliwa-liwa, kama pindo la kanga iliyofuliwa miaka mingi, na mahali pengine rangi ilikuwa nyembamba mpaka mwanga unapenya. Mboni ilifunga, lakini kwa kujivuta. Na ndani kabisa, nyuma ya mboni, palikuwa na ukungu wa bluu hafifu, kama moshi wa jiko la jirani asubuhi ya baridi.

"Ana mtoto wa jicho?" bibi aliuliza kwa hofu. "Kipofu?"

"Hapana, bibi. Mtoto wa jicho ni mweupe, anaziba, mwanga haupiti. Huu ukungu unapitisha. Ona, nyuma yake bado panang'aa kijani." Akachukua kipande kidogo cha pamba, akakiachia mbele ya uso wa paka. Paka akakifuata kwa macho mpaka kilipotua mezani. "Anaona. Hii ni lenzi, kile kioo cha ndani ya jicho, inayogandamana kwa uzee, na kwa kawaida haionekani kabla paka hajafika miaka minane, tisa. Wengi ni kumi na kuendelea."

Akamfungua taulo. Akapitisha mkono mgongoni, taratibu, na kila kifundo cha uti kilimgonga kidoleni. Nyama ya mapaja ilikuwa imepungua. Karibu na mkia manyoya yalishikamana vishungi-vishungi pale ambapo ulimi haufiki tena kwa shingo isiyopinda. Kucha zilikuwa nene, ngumu, na moja ilikuwa imejikunja karibu iingie kwenye nyama. Perpetua akaikata hapohapo kwa kikasi, na paka akatoa mlio mrefu, wa kukwaruza, wa kulalamika.

Bibi Marieta akaweka mkono mdomoni.

Perpetua alivua glavu. Hakupenda sehemu hii. Mbele ya ng'ombe angesema tu: jozi nne, miaka mitano. Hapa palikuwa na mioyo miwili mezani pamoja na paka.

"Kitu kimoja peke yake kingeweza kunidanganya," alisema. "Lakini meno, macho, nyama ya mgongo, kucha, na namna anavyopanda gunia, vyote vinasema neno moja. Huyu ni mzee. Sitawatajia mwaka, anayetaja mwaka kwa paka wa hivi anabuni. Lakini amepita kumi. Anaweza kuwa na kumi na mbili, anaweza kuwa na kumi na nne. Wa mwaka mmoja siye. Dada Rogathe, huyu siye aliyepanda pazia lako."

"Haiwezekani," Rogathe akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa jina lake si lake. "Dokta, nilimnyweshea maziwa kwa kijiko. Niliondoka hapa mara moja tu, nilipokwenda Haydom hospitalini kumuuguza mama, mwezi wa sita mpaka mavuno yakaisha. Nilirudi nikamkuta. Nilisema hata siku ile, jamani, Kijivu amekua haraka. Si nilisema, Joakimu? Joakimu!"

Joakimu alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na unga wote ule haukumficha.

"Ulisema," akajibu.

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema ni pumba za mahindi."

Hakuna aliyecheka. Rogathe alimgeukia mumewe kwa mwili mzima, polepole, kama lori linavyogeuza kwenye kibarabara. "Joakimu. Paka wangu yuko wapi?"

Mwanaume yule mkubwa, anayebeba gunia la kilo mia bila kuomba msaada, alitazama miguu yake. "Mbwa," akasema. "Mbwa wa wale waliokuja kusaga kutoka bondeni. Wiki ya pili hujarudi... yaani, wiki ya pili tangu uondoke. Nilikimbia na fimbo, sikuwahi. Nikamzika nyuma ya choo. Mama yako alikuwa hajulikani atapona au hatapona, ulikuwa unanipigia simu unalia, mwishoni unauliza, Kijivu hajambo? Nikasema hajambo. Ningesemaje?"

"Endelea."

"Siku si nyingi akaja huyu. Amekonda, mifupa mitupu, akalala hapo kwenye gunia. Mistari ileile, miguu ileile. Nikasema, Mungu ameona taabu yangu. Nikampa dagaa." Akafuta uso, ukabaki mchirizi wa ngozi katikati ya unga. "Nilitaka kukuambia ukirudi. Ulivyomkumbatia nikashindwa. Halafu siku zikapita. Kisha bibi akaja akamwita Askari, na mimi ndiyo nikakosa hata usingizi. Nilijua mmoja wenu anasema kweli na ni mimi niliyeificha."

Perpetua alijishughulisha na kukunja taulo. Kuna wakati mgeni hana kazi ila kukunja taulo.

Rogathe alikaa kwenye kiti. Machozi yalimtoka, ya yule mdogo wa pazia aliyezikwa nyuma ya choo bila yeye kujua, na huenda pia ya miezi ile ya Haydom na mama kitandani. Joakimu hakuthubutu kusogea. Aliyesogea ni Bibi Marieta. Alizunguka meza, akasimama nyuma ya kiti, akamwekea mikono mabegani, akaanza kumpapasa kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa. Siku zile za blanketi na uji alifundishwa na Rogathe mwenyewe kwamba kukaa tu kunatosha.

Baada ya kitambo Rogathe akapenga kamasi. "Bibi, mchukue," akasema. "Ni wako. Nilikunyang'anya mapajani kama mwizi."

"Nani amesema ni wangu? Dokta ametuambia ni mzee. Wazee tuko wengi." Bibi alimtazama Perpetua. "Mwanangu, unaweza kujua kama huyu ndiye Askari?"

Perpetua alitamani sana kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na lingewafurahisha wote. "Siwezi, bibi," akajibu. "Umri unakubaliana. Kutoka Katesh mpaka hapa si mbali kwa paka aliyekosa kwao, na kuanzia Desemba mpaka Juni ni muda wa kutosha. Inawezekana kabisa. Lakini sikumjua Askari, na mdomo huu haujaandikwa jina."

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Akainama juu ya meza. Paka alikuwa anajilamba bega, kwa taabu, akiruka pale asipofika. Bibi akalowanisha kidole kwa mate, akamlainishia manyoya pale mgongoni. Paka akaacha kujilamba, akaegemea mkono, akaanza kukoroma.

"Kwangu mimi ni Askari," bibi akasema. "Lakini gunia analolipenda liko hapa. Ukimhamisha mzee anakonda. Mimi nimehamishwa, najua. Abaki. Nitakuwa nakuja."

"Utakuja na mlango utakuwa wazi," Rogathe akasema. Kisha, bila kugeuka, "Na wewe Joakimu utalima ile njia ya uani ipitike vizuri, bibi asijikwae."

"Naenda sasa hivi," Joakimu akasema, akaenda kweli.

Perpetua akawapa maelekezo. Dagaa waloweshwe na wapondwe, asitafunishwe vigumu kwa fizi zile. Maji yawe karibu wakati wote, na wakiona anakunywa kupita kiasi wamwite, maana figo za paka wazee huchoka. Kigoda kisiondolewe mbele ya gunia. Wampige brashi pale mgongoni, na kucha zitazamwe kila mwezi kwa kuwa hazisuguliki tena. Jino moja la nyuma lilikuwa linacheza, na hilo angemuuliza Michael kwanza kabla ya kuligusa. Wanawake wale wawili walimsikiliza vichwa vimekaribiana, na alipomaliza walianza kubishana nani atawaponda dagaa, bibi akisema Rogathe anaacha miba, Rogathe akisema bibi haoni miba. Perpetua akachukua kofia yake ya pikipiki, akaaga, wasimsikie.

Njiani kurudi alijikuta anatabasamu ndani ya kofia. Alimfikiria baba yake na maneno yake kwamba mdomo haudanganyi. Ilikuwa kweli, lakini leo mdomo wa paka ulikuwa umemfungua mdomo mtu mzima, na hilo mzee hakuwahi kumwambia.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza siku Joakimu alipokuja ofisini, koti limefura kifuani. Akaangalia nyuma kwanza kama hakuna mtu, akafungua zipu. Kikatoka kichwa kidogo cha kijivu, masikio makubwa kuliko uso.

"Shikamoo, Dokta."

"Joakimu, tunalingana mimi na wewe."

"Leo nakuamkia." Akakiweka kitoto sakafuni. "Nimempata Katesh. Ni wa kumpa Rogathe, wa kufidia. Mwenyewe anasema ana miezi mitatu, anajitegemea. Nimesema safari hii sipeleki paka nyumbani kabla hujamtazama. Nikiambiwa umri, uwe ndio huo."

Kitoto kilitembea vizuri, hakikuyumba, kikaivamia kamba ya kiatu. Perpetua alikinyanyua, kikatosha kiganjani. Macho yalikuwa ya bluu, bluu safi bado, bila dalili ya njano wala kijani. Akakifungua mdomo kwa ncha ya kidole. Meno ya mbele yalikuwepo, madogo kama punje za chumvi, na chonge zilizochongoka kama sindano. Nyuma ndiyo kwanza yanachungulia kwenye fizi.

"Miezi mitatu hana," akasema. "Wa miezi mitatu macho yake yangekuwa yameshabadilika rangi, na meno yote ya maziwa yametoka zamani. Huyu ana wiki tano, sita zikizidi. Bado ananyonya, Joakimu. Ukimpeleka sasa, Rogathe atarudi kwenye kijiko, na huenda asimwokoe."

Uso wa Joakimu ulianguka. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mrudishe kwa mama yake. Mwambie mwenyewe amwache wiki nyingine tatu, hata nne. Macho yakishabadilika na akila dagaa wa kupondwa bila kulazimishwa, mchukue, umlete nimwangalie tena."

Joakimu alikitazama kitoto, ambacho sasa kilikuwa kinatafuna kifungo cha koti la kazi la Perpetua kwa meno yale ya sindano. Nje mvua ilikuwa imeongezeka na barabara ya Katesh imekuwa tope.

"Na je, nimwambie Rogathe leo kwamba kitoto yupo, anakuja?"

"Hilo uulize moyo wako," Perpetua akasema. "Lakini kama ni mimi, ningemwambia leo."

Joakimu akacheka, akakirudisha kitoto kifuani, akafunga zipu taratibu asikibane mkia, akatoka kwenye mvua. Perpetua alisimama mlangoni akimwangalia akiwasha pikipiki kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia koti, mpaka alipokata kona kuelekea Katesh.